Hiace imepinduka: taarifa ya tajiri na ya trafiki ianze na hesabu ya watu

Mara nyingi habari ya kwanza kumfikia mwenye gari ni ujumbe wa sauti kwenye simu: "Tajiri, gari limelala huku, ila abiria wote wazima." Jioni hiyo hiyo hospitali inapokea majeruhi kumi na zaidi, na kesho yake askari wa usalama barabarani anauliza gari lilibeba watu wangapi. Dereva anasema kumi na watano, kwa sababu ndiyo idadi iliyomo kwenye leseni. Kuanzia hapo hakuna anayeamini jambo lingine lolote atakalosema, hata yale ya kweli.

Sisi tunaofundisha madereva na wasimamizi wa magari ya abiria tunasisitiza sana sehemu hii ya idadi, kwa sababu ndiyo inayoharibika mapema kuliko zote. Gari likishapinduka, watu hawakai walipo. Wengine wanadandia bodaboda kuwahi nyumbani, wengine wanachukuliwa na gari linalopita, na wanakijiji wanaokuja kuokoa wanachanganyika na abiria. Anayehesabu vichwa pale chini ya mti anahesabu watu wasiokuwamo garini, na anawaacha waliokuwamo.

Kwa hiyo idadi haihesabiwi kwa kuangalia waliobaki. Inahesabiwa kutoka stendi, kituo kwa kituo, kisha inalinganishwa na watu waliopatikana. Anayeweza kuifanya kazi hiyo vizuri ni konda, maana ndiye aliyepokea nauli. Kama konda ameumia asiweze kusema, dereva akae na abiria wawili watatu waliopanda mwanzo wa safari, waikumbuke njia kwa pamoja.

Tuchukue mfano wa kufundishia. Ajali hii ni ya kubuni, lakini mambo yake ndiyo tunayoyakuta kila mara. Hiace inatoka Korogwe kwenda Handeni jioni. Kadi na leseni yake ya LATRA zinaruhusu abiria 15. Stendi iliondoka na abiria 13. Kituo cha kwanza walipanda 4, akashuka 1, wakawa 16. Kituo cha pili walishuka 2, wakapanda watu wazima 3, na mmoja wao alipakata mtoto. Mtoto anahesabiwa, hata kama hakulipiwa nauli wala hakukaa kwenye siti. Abiria wakawa 18. Ukiongeza dereva na konda, ndani ya gari kulikuwa na watu 20.

Sasa upande wa pili wa hesabu. Hospitali ilisema imepokea watu 12 wa ajali hiyo. Ukiyapitia majina, mmoja ni konda, na mwingine ni kijana wa bodaboda aliyekatwa na kioo akisaidia kuinua gari. Abiria waliofika hospitali ni 10. Wengine 5 walikataa kwenda kutibiwa, wakaacha majina na namba za simu pale pale. Wawili waliondoka kwa bodaboda, na mwenyekiti wa kitongoji aliwaona. Jumla 17. Amepungua mmoja.

Pengo hilo halitakiwi kuzibwa kwa kuandika "takriban". Hesabu ikipungua, huenda mtu yuko chini ya gari au ametupwa vichakani, mita kadhaa kutoka gari liliposimama. Ndiyo maana hesabu ya kwanza ifanyike mapema kadiri inavyowezekana, wakati waokoaji bado wapo. Katika mfano wetu, aliyepungua alikuwa yule mtoto: alitibiwa pamoja na mama yake, na fomu ya PF3 ilikuwa ya mama peke yake. Taarifa ieleze hivyo, kwa sentensi moja, na iseme wazi kwamba abiria walizidi idadi ya leseni kwa watatu. Kuficha hakusaidii. Majina ya hospitali, fomu za PF3 na maelezo ya abiria wenyewe vitaitoa idadi hiyo, na kampuni ya bima ikiona tajiri ameletewa namba moja na polisi namba nyingine, itaanza kuchunguza kila kitu upya.

Ukishapata idadi, andika majeruhi mmoja mmoja. Kosa kubwa hapa ni dereva au msimamizi kujifanya daktari. "Amevunjika mguu" ni kauli ya mganga baada ya picha. Wewe andika ulichokiona na ulichoambiwa: "Mwanamke, umri kama miaka arobaini, alikaa siti ya nyuma kulia dirishani, analalamika maumivu ya paja, hakuweza kukanyaga, alipelekwa kwa gari binafsi saa 1:15 usiku." Vivyo hivyo kwa kifo. Kama mtu hakujibu wala hakuonekana kupumua, andika hivyo; neno "amefariki" lisubiri hospitali, kisha liandikwe pamoja na chanzo cha habari hiyo. Aliyesema "sijaumia" naye anaandikwa, kwa jina na simu. Maumivu ya shingo na tumbo yanaweza kujitokeza kesho yake, na bila jina lake kwenye orodha ya kwanza atahangaika kuthibitisha kwamba alikuwamo.

Mahali mtu alipokaa pana maana kuliko watu wanavyodhani. Gari likilala upande wa kulia, walioko madirisha ya kulia ndio wanaogusana na ardhi. Mlango wa konda, ulioko kushoto, unabaki juu, na watu wanatokea mlango wa nyuma au kioo cha mbele. Orodha ya majeraha inayoendana na upande ambao gari lililala huonyesha kwamba mwandishi alikuwapo na anasema kweli. Ila orodha hiyo, yenye majina na hali za watu, ni ya polisi, tajiri na bima. Haipelekwi kwenye makundi ya WhatsApp, na picha za majeruhi vilevile.

Kuhusu barabara, sentensi "barabara ni mbovu" haimsaidii yeyote. Trafiki anahitaji kujua nini hasa, wapi, na kwa kipimo gani. Katika mfano wetu lami ilikuwa kavu na haina shimo, lakini bega la kushoto lilikuwa limeliwa na maji ya mvua. Magurudumu ya kushoto yalishuka nje ya lami, dereva akakata usukani kulia ili arudi. Ubavu wa tairi ukawa unasugua ukingo bila kupanda, dereva akazidi kukata, na tairi lilipopanda ghafla gari likaruka hadi upande wa pili wa barabara. Akakata kushoto kwa nguvu, gari likateleza kiubavu, matairi ya kulia yakachimba udongo laini wa bega la kulia, nalo likapinduka. Mzigo kwenye keria na abiria waliozidi huongeza uzito juu, hivyo gari linahitaji msukumo mdogo zaidi kulala.

Mambo hayo yote huacha alama. Tairi lililofungwa breki huchora mstari ulionyooka. Gari linaloteleza kiubavu huchora mkunjo, na ndani yake unaona michirizi ya mshazari. Piga picha za alama hizo kutoka mbali, kisha karibu, ukiweka daftari au rula pembeni ili ukubwa uonekane. Pima kimo cha ukingo wa lami kwa rula: katika mfano wetu sentimita 14. Andika nguzo ya kilometa iliyo karibu au namba ya nguzo ya umeme, hali ya hewa, saa, na mwanga. Njia ya Korogwe kwenda Handeni inaelekea kusini magharibi, kwa hiyo saa 12:10 jioni jua liko usoni mwa dereva, na hilo linastahili sentensi yake. Fanya haya mapema, kwa sababu mvua na magari yanayopita hufuta alama kwa muda mfupi. Gari lenyewe lisisogezwe kabla polisi hawajapima, isipokuwa kuna mtu wa kuokolewa.

Niseme kidogo juu ya matairi, kwa kuwa "tairi lilipasuka" ndiyo sababu inayotajwa upesi kuliko zote. Huenda ni kweli, lakini tairi linaweza pia kutoka upepo wakati gari linapoteleza na kupinduka. Angalia ukingo wa rimu: nyasi na udongo vikiwa vimebanwa kati ya rimu na tairi, inaelekea tairi lilitoka upepo pale pembeni, gari likiwa tayari linakwenda kiubavu. Lililopasuka kabla mara nyingi huacha vipande vya mpira barabarani nyuma ya mahali gari lilipotoka njia. Piga picha ya tarakimu nne za tarehe kwenye ubavu wa tairi; 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi hilo lisiuzwe wala kutupwa kabla mkaguzi wa magari wa polisi hajaliona.

Taarifa ya polisi na ya tajiri zitoke kwenye karatasi moja ya mambo yaliyotokea. Polisi atachukua maelezo yako kwa utaratibu wake na atachora mchoro wake. Karatasi yako inakusaidia usiyumbe. Ya tajiri inaongezewa mambo ya gari: nani alikuwa kwenye usukani, na kama ni deiwaka, jina lake na leseni yake, gari limelala wapi, nani analilinda, mzigo na fedha za siku ziko kwa nani, bima ni ya kampuni gani. Tajiri naye aijulishe bima ndani ya muda uliowekwa kwenye mkataba wake, na asiahidi fidia kwa majeruhi kabla ya kuzungumza na kampuni hiyo ya bima. Kusaidia usafiri na chakula hospitalini ni jambo jingine, halina ubaya.

Mwandishi atenganishe alichokiona, alichoambiwa na anachodhani. Mwendo ni mfano mzuri. Kama hukuitazama dashibodi, usiandike "nilikuwa sitini". Andika gia uliyokuwa nayo na mara ya mwisho ulipotazama. Sehemu ya idadi katika mfano wetu ingesomeka hivi:

"Gari lilikuwa na watu 20: dereva, konda na abiria 18, akiwemo mtoto mmoja aliyepakatwa. Leseni inaruhusu abiria 15. Idadi hii imetolewa na konda kituo kwa kituo. Abiria 11 walipelekwa hospitali, mtoto akiwa pamoja na mama yake kwenye PF3 moja. Abiria 5 walibaki eneo la ajali, majina yameambatishwa. Abiria 2 waliondoka kwa bodaboda kuelekea Handeni, hawajapatikana kwa simu hadi saa 3:00 usiku. Mtu mmoja asiye abiria alikatwa na kioo wakati wa kuokoa."

Kesho yake wale wawili wakipatikana, usiifute karatasi ya kwanza wala kuiandika upya. Ongeza nyongeza chini yake, yenye tarehe, saa na sahihi, kisha nakala ipelekwe kwa tajiri na kwa askari anayeshughulikia jalada.