Sindano iliyochomwa juu mno begani

Sindano ya mkono wa juu huacha uchungu, na hilo halishangazi. Msuli umechomwa, dawa imeingia, unauma siku moja hadi tatu, kisha unapoa. Makala haya yanahusu maumivu ya aina nyingine: yale yanayoanza siku hiyohiyo au kesho yake, halafu wiki zinapita na bado huwezi kuinua mkono.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 43, fundi cherehani, aliyechanjwa dozi ya pili ya homa ya ini B. Alivaa gauni lenye mikono ya kubana. Badala ya kuvua mkono wa gauni, alivuta shingo ya nguo pembeni, bega likachungulia. Muuguzi alikuwa amesimama, yeye ameketi. Sindano ikaingia pale palipoonekana, yaani karibu kabisa na ncha ya bega. Usiku ule alishindwa kulalia upande huo. Wiki ya tano anaweza kushona, lakini kufunga kilemba hawezi, na kufunga sidiria kwa nyuma ndiyo kabisa.

Jipapase mwenyewe uelewe kilichotokea. Mwishoni mwa bega, kwa juu, kuna ukingo mgumu wa mfupa. Chini yake kuna kifuko chembamba chenye ute kidogo, kinachosaidia kano zisisuguane na mfupa unapoinua mkono. Kifuko hicho hakiishii kwenye ukingo. Huteremka sentimita kadhaa chini ya msuli. Dawa iliyokusudiwa msuli ikiingia humo, au ikagusa kano, mwili huipokea kwa uvimbe mkali mahali pasipo na nafasi ya kuvimba. Kwa kawaida chanjo yenyewe haina kasoro. Tatizo ni mahali ilipowekwa. Mahali sahihi ni upana wa vidole viwili hadi vitatu chini ya ule ukingo, katikati ya msuli mnene, na juu ya usawa wa kwapa.

Uchungu wa kawaida huwa kwenye msuli, ukibonyeza unauma, na kila siku unapungua. Wa kifuko huwa ndani ya bega, na huchoma zaidi mkono unapoinuliwa kwa pembeni au kupelekwa mgongoni. Usiku unazidi. Ukifika siku ya saba bila nafuu, au mkono umeanza kukataa kwenda ulikokuwa ukienda, nenda ukaonwe. Usisubiri mwezi.

Kuna hali zisizongoja hata kesho. Homa pamoja na bega jekundu, la moto, linalozidi kuvimba au kutoa usaha huashiria maambukizi. Mkono kulegea, kiganja kushindwa kuinuka au ganzi isiyoondoka huashiria mshipa wa fahamu ulioguswa. Na maumivu ya bega yanayokuja na kubanwa kifua, jasho au kukosa pumzi yasihesabiwe kuwa ya sindano. Hayo ni ya kukimbilia huduma ya dharura.

Kliniki, tutakuuliza tarehe ya sindano, ilichomwa wapi hasa, na kama bega lilikuwa zima kabla. Kisha tutakuomba uinue mkono mwenyewe, halafu tuuinue sisi. Mkono ukigoma hata tunapouinua sisi, bega limeanza kuganda, na watu wenye kisukari hupata hali hiyo zaidi. Eksirei mara nyingi hutoka safi, jambo linalowafanya wagonjwa waambiwe hawana kitu. Eksirei huonyesha mifupa. Majimaji kwenye kifuko huonekana vizuri zaidi kwa ultrasaundi.

Yule mama angeanzia kwenye dawa ya maumivu. Ibuprofeni husaidia, ila si kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au ujauzito. Pamoja nayo, mazoezi: kuinama na kuuning'iniza mkono ukizunguka taratibu kama pendulamu, kisha kuupandisha ukutani kwa vidole. Kuufunga mkono kwa kitambaa wiki nzima ndiko kunakoligandisha bega, na kuchua kwa nguvu hakusaidii. Nafuu ikikawia, daktari anaweza kudunga dawa ya steroidi ndani ya kifuko; mwenye kisukari ajue sukari yake inaweza kupanda kwa siku kadhaa. Wengi hupona, ingawa inaweza kuchukua miezi.

Dozi yake ya tatu, inayotolewa miezi 6 baada ya ya kwanza, bado anaihitaji. Achomwe mkono wa pili, avae blauzi ya mikono mipana inayopandishwa yote au avue mkono mmoja, na amwombe muuguzi aketi wakiwa usawa mmoja. Amweleze pia yaliyompata safari iliyopita, kabla sindano haijafunguliwa.