Asilimia ya usahihi wa stoo katika wasifu wa kazi

Mtunza stoo mmoja wa kiwanda cha kubangua korosho hapa Mtwara aliniletea wasifu wake niupitie kabla hajaomba nafasi ya afisa ugavi. Chini ya kazi yake ya sasa alikuwa ameandika: "Kusimamia stoo, kununua vifaa na kuwasiliana na wazabuni." Hayo ni majukumu ya kila mtunza stoo, na mwajiri hawezi kuona humo kama yalitekelezwa vizuri au vibaya.

Nilimwomba alete karatasi za kuhesabia mali za Juni na Desemba. Mwezi Juni, kati ya aina 160 za vifaa, ni aina 124 tu ambazo idadi iliyokutwa rafuni ililingana na ya leja, yaani asilimia 77.5, Desemba zililingana aina 152, sawa na asilimia 95. Mwenyewe hakuwa ameyaona maendeleo hayo, kwa sababu alizoea kulinganisha jumla ya thamani ya mali, na jumla huficha makosa. Beringi 4 za shilingi 15,000 zikipungua, na magunia 24 ya shilingi 2,500 yakizidi, kila upande ni shilingi 60,000, hivyo tofauti inasomeka sifuri ilhali kadi mbili za stoo si sahihi. Kwa hiyo hesabu ifanywe kwa kila aina ya kifaa, na wasifu uitaje idadi ya aina zilizohesabiwa.

Msaili atauliza pia asilimia hiyo ilipandaje. Chanzo cha makosa kilikuwa vipuri vilivyotolewa usiku mashine inapoharibika, ambavyo hati yake ya kutolea mali ilijazwa asubuhi au haikujazwa kabisa. Alimkabidhi msimamizi wa zamu ya usiku kitabu cha hati, kisha akawa anahesabu aina 40 kila wiki, hata stoo nzima ikapitiwa ndani ya wiki nne. Tuliandika hivi: "Nilipandisha usahihi wa kumbukumbu za stoo kutoka asilimia 77.5 hadi 95 ndani ya miezi sita, kwa aina 160 za vifaa, kwa kudhibiti utoaji wa usiku na kuhesabu kila wiki."

Kwenye akiba nilimzuia kidogo. Alishusha bei ya gunia kutoka shilingi 2,600 hadi 2,450 kwa magunia 4,000, akaandika ameokoa shilingi 600,000; lakini mzabuni wa awali alileta mzigo hadi stoo, na huyu mpya alilipiwa usafiri wa shilingi 280,000. Akiba halisi ni shilingi 320,000, na ndiyo tuliyoiandika.

Kwa wazabuni tulihesabu mizigo iliyofika kabla ya tarehe ya mwisho iliyo kwenye hati ya kuagizia. Mizigo ya Mei 2024, wakati kimbunga Hidaya na mafuriko vilipokata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, tuliitenga, na tukasema wazi katika mstari huohuo kwamba imetengwa.