Enema ya fosfeti haiishii utumboni

“Mama ana miaka 78 na figo zake ni dhaifu. Enema ya fosfeti haijaleta choo. Kwa kuwa dawa hiyo haiingii mwilini, si nimwongezee ya pili?”

Usimwongezee, tafadhali. Maji ya enema hiyo yasipotoka, fosfeti hufyonzwa na kuingia katika damu, na figo dhaifu zikishindwa kuiondoa, kalsiamu hushuka na moyo unaweza kupiga ovyo. Ikiwa nusu saa imepita bila kitu kutoka, mpigie daktari sasa hivi. Misuli ikimkaza au akichanganyikiwa, mpeleke hospitali mara moja. Watoto wa chini ya miaka 2 nao wasipewe enema hii kabisa.

Siku nyingine, daktari akiridhia, kidonge cha gliserini cha kuingiza kwa njia ya haja kubwa ni salama zaidi kwake. Alalie ubavu wa kushoto, ukiloweshe kwa maji, kisha ukisukume hadi kiguse ukuta wa utumbo, kwa maana kikizama ndani ya kinyesi hakifanyi kazi. Kwa kawaida choo huja baada ya dakika 15 hadi 30. Lakini tumbo likivimba huku anatapika, likiuma sana, au damu ikitoka, asiwekewe chochote kabla ya kupimwa.