Je, wajua kwa nini bili ya simu inaweza kudai data ya nje ya nchi ilhali hukusafiri?

"Sijavuka mpaka mwaka huu, lakini bili yangu ina mstari wa data ya romingi megabaiti 44. Imetoka wapi, na nitaipinga vipi?"

Mawimbi ya redio hayasimami mpakani. Mtu anayeishi kilomita chache kutoka nchi jirani, au ng'ambo ya ziwa lisilo na vilima vya kuzuia mawimbi, anaweza kuwa sebuleni mwake huku simu yake imeshika mnara wa upande wa pili, hasa usiku mnara wa nyumbani unapodhoofika au kuzimika. Ikiwa ruhusa ya data ya romingi imewashwa, simu huendelea kupakua barua pepe na kuhifadhi picha mtandaoni bila kumuuliza mwenyewe, naye hulala.

Mtandao uliompokea mteja, yaani mtandao mwenyeji, huandika rekodi ya kila muunganisho na kuituma kwa kampuni ya mteja ili ilipwe. Rekodi hizo hazifiki papo hapo, na ndiyo maana matumizi ya mwisho wa mwezi huweza kujitokeza katika bili inayofuata, wakati ambapo mteja amekwisha kusahau alikuwa wapi siku hiyo.

Mstari mmoja wa jumla kwenye bili haupingiki, kwa kuwa hausemi lolote la kupingwa. Kinachotakiwa ni mchanganuo wa matumizi, na ni vyema uombwe kwa maandishi huku vitu vinavyohitajika vikitajwa kimoja kimoja: tarehe na saa ya kuanza kwa kila muunganisho pamoja na majira ya saa yaliyotumika, jina au namba ya mtandao mwenyeji, kiasi halisi cha data kabla ya kukadiriwa, na kiasi kilichotozwa. Namba ya mtandao ndiyo shahidi mkuu, kwa sababu tarakimu zake tatu za mwanzo hutambulisha nchi. Zikiwa 901, mtandao huo si wa nchi yoyote. Mara nyingi ni ule wa melini au ndani ya ndege, ambao huunganishwa kwa setilaiti na bei yake huwa kali.

Tuchukue mfano wa megabaiti 44 zilizotajwa hapo juu. Tuseme mchanganuo unaonyesha miunganisho 38, yote kupitia mtandao wa nchi jirani, kati ya saa 5 usiku na saa 11 alfajiri. Miunganisho 35 kati yake ni midogo, na kwa jumla imetumia megabaiti 4.2 tu; mitatu iliyobaki imetumia 1.4, 2.3 na 3.1. Matumizi halisi, basi, ni megabaiti 11. Lakini kampuni hutoza kwa megabaiti nzima, kwa hiyo kila mmoja wa ile midogo 35 umehesabiwa megabaiti 1, na ile mitatu imekuwa 2, 3 na 4. Jumla ni 44. Simu ilikuwa ikiyumba kati ya minara miwili, na kila iliporudi ng'ambo ilifungua muunganisho mpya. Hesabu ya kampuni haina kosa, ila sasa mteja ana hoja mbili za kweli: hakuondoka nchini, na robo tatu ya anachodaiwa hakukitumia.

Katika barua ya malalamiko, ni bora kutaja miunganisho inayopingwa kwa tarehe na saa kuliko kuandika kwamba bili ni kubwa mno. Mteja aambatishe picha ya ukurasa wa matumizi ya data kwenye simu yake, akikumbuka kwamba hesabu ya simu hutofautiana kidogo na ya kampuni, na kwamba mwezi wa simu huenda hauanzi siku moja na mwezi wa bili. Aulize pia kama ujumbe wa bei ya romingi ulitumwa simu iliposhika mtandao wa kigeni, na saa ngapi. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni ya mwaka 2022 inazitaka kampuni zichukue hatua za kumlinda mteja aliyeingia romingi bila kukusudia akiwa nchini mwake. Kwingineko hoja hiyo hutegemea mkataba na mdhibiti wa mawasiliano.

Asitarajie mchanganuo umwonyeshe ni programu gani iliyokula data, kwani kwa kawaida rekodi za malipo hubeba kiasi na wakati tu. Hilo hutafutwa ndani ya simu yenyewe.

Sehemu ya bili isiyo na ubishi ilipwe kwa wakati, ili laini isifungwe kwa deni jingine, na kampuni iombwe isimamishe kudai sehemu inayobishaniwa hadi itoe jibu. Namba ya kumbukumbu ya lalamiko itunzwe, maana mdhibiti huitaka kabla ya kulipokea shauri. Wakati huohuo, data ya romingi izimwe, na mtandao wa nyumbani uchaguliwe kwa mkono, la sivyo bili ijayo itakuja na usiku mwingine wa aina hiyo hiyo.