Arubuni ya sofa huenda wapi?

Mteja mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi, aliniagiza sofa ya umbo la L, ikae kwenye kona ya sebule bila kuziba mlango wa jikoni. Tukapatana shilingi 60,000. Nilipomwomba arubuni ya 36,000 kabla sijaanza, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Fundi, na ukitoroka?"

Dhana: Arubuni ni ujira wa fundi unaolipwa mapema.

Ile 36,000 ilipita tu mkononi mwangu. Mbao za fremu zilichukua 8,000, sponji 14,000, na kitambaa mita 18 kwa 600 kila mita, yaani 10,800. Ile 3,200 iliyobaki ilimalizwa na mikanda, gundi, misumari na miguu. Ya chai haikuwemo. Ujira wangu na wa kijana anayenisaidia, kodi ya karakana na pikapu ya kufikisha mzigo, vyote vilikuwa ndani ya ile 24,000 ya mwisho, inayolipwa sofa ikishafika.

Dhana: Fundi anayejiweza hununua vifaa kwa pesa zake.

Kwa viti vinavyopangwa kando ya Ngong Road, ni kweli: asipovinunua huyu, atavinunua yule. Lakini sofa iliyopimiwa kona ya mtu mmoja, tena ya rangi ya chungwa, nitamuuzia nani?

Dhana: Nikighairi, narudishiwa zote.

Hapo makasi ndiyo huamua. Kabla sijanunua kitu, chukua pesa zako. Mbao nazo naweza kuzitumia kwa kazi nyingine. Kitambaa na sponji vikishakatwa, duka halivipokei tena. Afadhali hayo yaandikwe kwenye risiti ya arubuni siku ileile.

Dhana: Ukishalipa, kilichobaki ni kungoja.

Hapa wateja wana sababu ya kutuogopa. Wapo mafundi wanaochukua arubuni yako wakamalizie kazi ya mteja wa mwezi uliopita, halafu yako ingoje mteja mwingine alipe. Utawajua kwa visingizio: leo stima imepotea, kesho kijana ni mgonjwa, na ukifika hapo hakuna hata ubao wenye vipimo vyako.

Omba kuona risiti ya kitambaa. Kisha njoo siku fremu imesimama kabla haijavalishwa, kwa sababu baada ya hapo huoni kitu. Itikise kwenye viungo. Mbao mbichi huwa nzito na baridi ukizigusa. Zikija kukaukia ndani ya sofa husinyaa, misumari ikalegea, na sofa ikaanza kulia kila ukikaa. Sponji nayo ikandamize kwa kiganja: nzuri huinuka mara moja, hafifu huacha shimo kwa muda.

Yule wa Umoja alikuja Jumamosi, akakalia fremu tupu, akasema katikati panabonyea. Nikaongeza ubao mmoja.