Je, wajua kwa nini tairi la radiali hupunguza dizeli ya kulimia?

Kwa nini tairi la radiali la trekta ni ghali kuliko la bayasi, na hiyo tofauti ya bei hurudi lini?

Jibu limo ndani ya mpira. Katika tairi la bayasi, tabaka za nyuzi hupishana kimshazari, kwa hiyo ubavu na kashata, yaani sehemu yenye meno inayokanyaga ardhi, hufanya kazi kama kitu kimoja: ubavu unapobonyea chini ya mzigo, kashata nayo hujikunja, na sehemu inayogusa ardhi hubaki fupi. Katika radiali, nyuzi huvuka moja kwa moja toka ukingo hadi ukingo, na chini ya kashata hufungwa mikanda migumu. Ubavu huwa huru kubonyea huku kashata ikilala bapa, hivyo alama yake udongoni hurefuka na meno mengi zaidi hushika kwa wakati mmoja. Maandishi ya ubavuni huzitofautisha: 16.9-30 ni bayasi, 16.9R30 ni radiali.

Dizeli huokolewa hasa kwa kupungua kwa mtelezo, yaani tairi kuzunguka bila kusonga mbele sawasawa, ambao mwenye trekta anaweza kuupima mwenyewe. Chora alama ya chaki kwenye tairi la nyuma, kisha pima umbali wa mizunguko 10 plau ikiwa juu, na tena ikiwa ndani ya udongo. Tuseme trekta moja huko Masindi, Uganda, linakwenda mita 45 bila kuvuta. Likivuta plau kwa bayasi linakwenda mita 37, na kwa radiali mita 40. Mtelezo umeshuka kutoka takriban asilimia 18 hadi 11, na ikiwa injini inakunywa kiasi kile kile kwa saa, dizeli ya kila ekari imepungua kwa asilimia 7.5 hivi.

Kama ekari hutumia lita 8, zinaokolewa lita 0.6, yaani shilingi 3,000 ikiwa lita ni shilingi 5,000. Matairi mawili ya nyuma yakizidi bei kwa shilingi 1,800,000, fedha hiyo hurudi baada ya ekari 600. Anayelimia watu ekari 300 kila msimu huirudisha kwa mwaka mmoja, kwa misimu yetu miwili. Mwenye ekari 40 zake tu atahitaji zaidi ya miaka saba, nami nisingemshauri anunue. Vivyo hivyo kwa shamba jipya lenye visiki, kwani ubavu laini wa radiali huchanika upesi.

Kosa linalofuta faida yote ni upepo. Ubavu wa radiali hutuna hata ukiwa na upepo sahihi, na dereva aliyezoea bayasi hudhani upepo umepungua, akaongeza mpaka tuno lipotee. Hapo kashata hugusa ardhi katikati tu na mtelezo hurudi. Kipimo kifuatwe kwa jedwali la mtengenezaji, kulingana na uzito ulio juu ya tairi, na kisomwe asubuhi tairi likiwa baridi.