Wenye VVU wameongezeka: je, dawa zimeshindwa?

"Kama ARV zinafanya kazi, mbona wenye VVU wanazidi kuwa wengi?"

Wanazidi kwa sababu hawafi mapema. Hapa zinachanganywa takwimu mbili: maambukizi mapya ya mwaka mmoja, na jumla ya wote wanaoishi na virusi leo, wakiwemo walioambukizwa miaka 20 iliyopita.

Chukua mji wa kufikirika wenye watu 100,000. Kabla ya dawa, watu 200 huambukizwa kila mwaka na huishi wastani wa miaka 10. Hali ikitulia, utakuta 200 × 10, yaani watu 2,000. Dawa zinakuja: maambukizi mapya yanashuka hadi 100, lakini sasa mtu anaishi miaka 35. Taratibu jumla inaelekea 3,500. Maambukizi yamepungua nusu, na bado jumla imepanda! (Kuzidisha huku ni kwa makadirio, na hufaa tu hali ikiwa imetulia.)

Ndivyo ilivyotokea duniani. Mwaka 2022 walioishi na VVU walikuwa takriban milioni 39, wengi kuliko mwaka 2010, ilhali maambukizi mapya yalikuwa yamepungua kwa zaidi ya theluthi.

Kwa hiyo ukiona jumla imepanda, uliza umri. Ongezeko likiwa kwa wenye miaka 50 na zaidi, mara nyingi ni watu waliookolewa na dawa wakizeeka. Likiwa kwa vijana wa 15 hadi 24, hapo kuna tatizo: ukiondoa waliozaliwa na virusi, hao wameambukizwa karibuni.